Goti la winga wangu na daftari la maumivu

Ninafundisha timu ya vijana wa chini ya miaka 15 mjini Morogoro, na jambo lililonisumbua zaidi katika misimu miwili iliyopita ni goti linaloumia chini kidogo ya pia, pale penye kinundu cha mfupa wa ugoko. Madaktari huyaita maradhi hayo Osgood-Schlatter, kwa majina ya wenzao wawili walioyaeleza mwaka 1903. Kano inayotoka kwenye pia ya goti hushikilia kinundu hicho, ambacho kwa mtoto anayekua bado ni gegedu linalogeuka kuwa mfupa taratibu, na kila anaporuka, anapokimbia au anaposimama ghafla, msuli wa mbele wa paja hukivuta.

Kijana wa kwanza kunijia na maumivu hayo nilimpumzisha kabisa kwa miezi mitatu. Alirudi hana maumivu, lakini wiki ya pili tu goti likaanza upya, kwa sababu paja lilikuwa limelegea na mimi nilimrudishia mazoezi yote kwa siku moja. Kosa hilo lilikuwa langu.

Msimu uliofuata akaugua winga wangu, mwenye umri wa miaka 13. Anapiga kwa mguu wa kulia, nami nikategemea goti la kulia ndilo litakalouma, kumbe lilikuwa la kushoto, mguu anaousimamia kila anapopiga shuti. Mtaalamu wa fiziotherapia aliyempima alibonyeza kinundu kile, kijana akaruka kitini. Kisha akamlaza na kukizungusha kiungo cha nyonga, akanieleza kuwa tatizo la nyonga kwa umri huo huweza kujitokeza kama maumivu ya goti. Nyonga ilikuwa salama. Alinionya pia kuwa maumivu yanayomwamsha mtoto usiku, homa, goti lililojaa, kuchechemea kusikoisha au kushindwa ghafla kunyoosha mguu ni mambo ya kupeleka hospitali, si ya kushughulikia uwanjani.

Mtaalamu hakumzuia kucheza; alitutaka tuhesabu. Nilikaa na mama yake, tukaandika wiki nzima ya mwanawe: siku tatu kwangu, siku mbili timu ya shule, na Jumapili mechi ya mtaani kwenye uwanja mgumu kama saruji. Siku sita kati ya saba, na hakuna kocha hata mmoja kati yetu aliyekuwa na habari ya mwenzake. Tulikubaliana mechi ya mtaani isimame kwanza, na mwalimu wa shule akapunguza siku moja. Kwangu niliondoa kuruka viunzi na mashuti ya mfululizo, nikamwachia pasi fupi, kupokea mpira akiwa amegeuka nusu, na michezo ya eneo dogo ambayo humtaka afikiri zaidi ya kukimbia.

Kipimo chetu kilikuwa namba kutoka sifuri hadi kumi. Maumivu yakibaki tatu au chini, anaendelea. Yakipita hapo, anapunguza au anatoka. Na asubuhi inayofuata goti lazima liwe limerudi katika hali yake ya kawaida, la sivyo kazi ya jana ilizidi. Tatizo ni kwamba mtoto anayetaka kupangwa husema uongo. Siku moja kabla ya mechi aliniambia, «Kocha, leo ni moja tu,» ilhali alikuwa akishuka ngazi za jukwaa kwa kutanguliza mguu wa kushoto kila mara, ili goti hilo lisikunjwe chini ya uzito wake. Tangu hapo niliiamini zaidi taarifa ya asubuhi kutoka kwa mama.

Kuhusu kuimarisha paja, tulianza na zoezi la kuegemea ukuta magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, akikaa hivyo kwa sekunde 30, pamoja na kuinua kiuno akiwa amelala chali. Baada ya takribani wiki nne tukaingia kwenye kuchuchumaa nusu, halafu hatua ndefu za mbele. Mbio za kasi na mashuti zilirudi moja moja, kila moja ikikaa wiki nzima kabla ya nyingine kuongezwa. Wiki ya saba nilivutwa na fainali ya shule, nikamwacha acheze dakika zote. Asubuhi yake mama alileta namba sita, nasi tukarudi nyuma wiki mbili.

Sasa huwapima vijana wote urefu kila mwezi, bila viatu, kwenye ukuta uleule, na anayezidi nusu sentimita hivi kwa mwezi humpunguzia miruko kabla hajalalamika. Winga alirejea kikamilifu mwezi wa tano. Kinundu bado kimejitokeza, na huenda kikabaki hivyo ukubwani, na tunapopiga picha ya timu yeye hukunja jezi ya mazoezi na kuiweka chini ya goti kwanza.