Kwa Nini Losheni Ilisubiri

Jana binti yangu, akinisaidia kubandika lebo, aliniuliza: "Mama, wateja walikuwa wanaomba losheni. Mbona ukawaletea mafuta ya kuoshea uso?"

Wakati ule tulikuwa tukiuza mgando wa shea peke yake, yaani mafuta mazito ya kupaka. Mauzo yalipanda, na kila mtu wa karibu akanihimiza niongeze bidhaa. Mimi sikuridhika na hilo, maana wateja wapya wakimiminika huwezi kuona kwamba wa zamani wamekukimbia. Kopo letu, kwa mtu anayepaka kila siku, huisha baada ya miezi miwili hivi. Basi nikafungua daftari la oda, nikawachukua wale tu ambao kopo lao la kwanza lilipaswa kuwa limekwisha zamani, nikafuata jina moja moja: huyu amerudi bila punguzo, bila kukumbushwa? Zaidi ya nusu walikuwa wamerudi. Wangekuwa wachache, ningeushughulikia mgando kwanza.

Ikabaki kuchagua. Usiku mmoja nilikaa na jumbe za wateja, safari hii nikitafuta wanavyotumia, si wanachoomba. Mmoja aliandika: "Dada, mgando wenu naupenda, ila nikishanawa na sabuni uso unakakamaa, hata nikipaka bado unavuta." Nikausoma tena. Nikatafuta mwingine, nikaukuta, na mwingine. Shida yao ilianza hatua moja kabla yetu. Sabuni ya kawaida ya kipande huwa na pH ya 9 hadi 10, ilhali ngozi iko karibu na 5, na sabuni hiyo huondoa mafuta ya asili ya ngozi. Mgando kazi yake ni kuzuia maji yasitoke. Ukikuta ngozi imeshakauka, hauna mengi ya kuzuia.

Losheni ingekaa pale pale pa mgando: mteja angeichukua na kuacha kopo. Tena ina maji, na penye maji bakteria na fangasi huzaliana. Ingehitaji kihifadhi, na kipimo cha maabara ambacho vijidudu huwekwa ndani kwa makusudi, kisha hufuatiliwa kwa siku 28. Mafuta ya kuoshea hayana maji. Yalitumia alizeti ile ile tuliyokuwa tukinunua, na kiungo kipya kimoja tu, cha kuyawezesha kuchanganyika na maji yakasuuzika. Hatari ilikuwa mikono yenye maji kuchovya ndani, kwa hiyo tukachagua chupa ya pampu. Tukaziacha chache kwenye joto la nyuzi 40 kwa miezi kadhaa, tukizinusa kama zimechacha na kutazama kama zimejitenga, ndipo tukawauzia wale waliokuwa wakirudi.

Oda za mgando hazikushuka. Ila wapo wanaonunua mafuta ya kuoshea peke yake, na hao bado sijawaelewa. Losheni nayo inaendelea kuombwa. Nikisoma jumbe zao, wengi wanaitaka kwa mikono na miguu, siyo uso, kwa hiyo huenda haitagombana na mgando. Binti anasema tuanze. Mimi bado nasoma.