Siku moja maishani mwangu: paipu ya ukutani, dukani Tandika

Saa 1:30 asubuhi. Leo ni duka la mama mmoja, Tandika. Anataka soketi ya friji upande wa pili wa chumba, na ukuta umeshapakwa rangi, hataki uchimbwe. Kwa hiyo waya zitapita juu ya ukuta ndani ya paipu ya plastiki ya milimita 20. Nazima breka, nahakikisha kwa testa, ndipo napanda ngazi.

Saa 2. Kutoka boksi hadi boksi ni sentimita 420. Sedo ni vibanio vinavyoshika paipu ukutani; ya kwanza na ya mwisho naziweka sentimita 15 kutoka kwenye boksi, maana hapo ndipo paipu huvutwa. Zinabaki 390. Nikigawa kwa 6 napata 65, basi sedo ni 7 na nafasi zote zinalingana. Kanuni inaruhusu nafasi kubwa zaidi, ila kwa joto la Dar nimeona paipu zikilegea na kuning'inia katikati, kwa hiyo mimi sizidishi 80.

Saa 3. Napiga mstari kwa uzi wa chaki, natoboa tundu la majaribio. Biti ya milimita 6 inazama kama kwenye keki, na vumbi linatoka la mchanga mtupu. Nimeangukia kiungo cha matofali! Hapo fisha, kile kiplastiki cha tunduni kinachoshika skrubu, huzunguka pamoja na skrubu, haishiki kitu. Mstari ukifuata kiungo kimoja, matundu yote 7 yatakuwa mabovu. Nauhamisha mstari sentimita 4 juu, nabandika tepu kwenye biti kuonyesha kina, natoboa tena. Sasa drili inalalamika na vumbi ni la kijivu, laini. Hilo ndilo tofali.

Saa 5. Plasta hapa ina milimita 15, fisha ina 30. Fisha naisukuma kwa msumari hadi ivuke plasta, kwa sababu ikitanuka ndani ya plasta huipasua, na baada ya miezi kipande kinatoka na skrubu yake. Kwa hiyo tundu lina kina cha milimita 50 na skrubu ni ya urefu huo huo. Kabla ya fisha napuliza vumbi kwa mrija. Vumbi likibaki, fisha haifiki mwisho.

Saa 8 mchana. Paipu moja ni mita 3, hivyo lazima niunge. Kwenye kiungio napaka gundi upande mmoja tu na kuacha nafasi ya milimita chache upande wa pili, ili paipu ipate pa kurefukia jua likiwaka. Wanaobana kila kitu ndio paipu zao hupinda kama nyoka.

Saa 9:30. Kwenye stoo ya nyuma unapita waya bapa kwa klipu, kila sentimita 25. Kabla ya kupigilia naunyoosha kwa kitambaa mkononi. Kwenye kona naweka klipu pande zote mbili, sentimita 5 kutoka kwenye mkunjo.

Saa 11 jioni. Naivuta kila sedo kwa vidole. Ya tatu inacheza. Naitoa, natia fisha ndefu zaidi, nafunga upya, kisha nawasha breka.