Siku Moja Maishani Mwangu: Mkaguzi wa Uchomeleaji wa Vyuma

Saa moja asubuhi nafika karakanani, Dar es Salaam, nikiwa na mpango wa ukaguzi na upimaji wa fremu ya ghala. Kazi ya leo ni kuunganisha flenji mbili za mhimili, kila moja ikiwa na unene wa milimita 25, kwa kufuata AWS D1.1, kanuni ya Marekani ya uchomeleaji wa miundo ya chuma. Mpango unaonyesha kituo cha kusimama baada ya kupanga vipande, yaani hakuna atakayewasha moto mpaka mkaguzi wa mteja atie saini. Ukaguzi wa macho baada ya kuchomelea ni kituo cha kushuhudia: mteja hupewa taarifa mapema, na asipotokea kwa muda uliokubaliwa, kazi huendelea.

Saa mbili nalinganisha namba zilizogongwa kwenye bamba na vyeti vya kiwanda, kisha nakagua cheti cha fundi. Elektrodi za E7018 zinatoka kwenye tanuri la nyuzi 120, na naandika saa zilipotoka, kwa kuwa hazipaswi kukaa hewani zaidi ya saa nne.

Saa tatu mimi na mkaguzi wa mteja tunapima nafasi ya mzizi, yaani pengo kati ya kingo za vipande viwili pale chini ya mshono. Mchoro unataka milimita 6, na kanuni inaruhusu kati ya 4 na 12 wakati wa kupanga. Upande mmoja tunapata 6, upande wa pili 14. Saini haitolewi.

"Mkaguzi, bamba la nyuma lipo, nitaijaza nafasi hiyo tu," fundi ananiambia.

"Hapana, ndugu yangu. Ukijaza sasa, ukingo utakaokuwa umeongeza hautaonekana tena na yeyote."

Ndiyo maana kituo kimewekwa hapa. Baada ya mshono wa kwanza hakuna geji inayoweza kuingia humo. Kwa kuwa pengo halizidi milimita 20, kanuni inaruhusu ukingo ujengwe kwa kuchomelea kabla vipande havijaunganishwa. Fundi anasaga vishikizo, anavitenganisha vipande, anajenga ukingo na kuusawazisha kwa grainda. Elektrodi ambazo hazikutumika zinarudi tanurini.

Saa sita tunapima tena: 6 na 7. Mkaguzi wa mteja anatia saini na kuandika saa. Katika fomu naacha 14 pamoja na 7, kwani fomu yenye 7 peke yake ingeficha kwamba ukingo ule una chuma kilichoongezwa, na mpimaji wa altrasaundi anahitaji kujua hilo anaposoma mwangwi wa eneo hilo.

Saa tisa mshono umekamilika. Mteja, aliyearifiwa jana, hakuja kushuhudia ukaguzi wa macho. Nangoja muda uliokubaliwa upite, nakagua, na kuandika kwamba hakuhudhuria, nikiambatisha taarifa niliyompelekea.

Saa kumi na moja chuma kimepoa kabisa na altrasaundi inafanyika. Hakuna kasoro inayozidi kiwango. Naandika namba ya mshono kwenye ramani, pamoja na alama ya fundi, na kufunga jalada.