Nikamfananisha

Leo nimeshinda na maelezo ya shahidi, karatasi chache tu za kesi ya kujeruhi huku Mombasa. Polisi waliyaandika kwa Kiswahili vile mama alivyosema, na kortini kule chini hiyo haikuwa shida, ila rufaa imefika Mahakama Kuu na huko lugha ni Kiingereza, bas ikabidi nitafsiri.

Sentensi iliyonikalia ni hii: "Ilikuwa kama saa mbili usiku hivi, taa ya jirani yawaka lakini si sana, nikaona mtu, nikamfananisha na kijana wa pale kwa fundi, akampiga mwenzake mkononi na kitu kama panga."

Karani wa wakili akanipigia, ati ninyooshe kidogo, niandike alimtambua kijana akimkata mwenzake na panga. Nikamwambia ndugu yangu hapana, kumfananisha mtu si kumtambua, na rufaa yenyewe imesimama hapo hapo! Tangu ile kesi ya Abdalla bin Wendo ya 1953, korti zetu huwa makini sana na shahidi mmoja aliyemwona mtu kwenye mazingira magumu, sasa mimi nikiandika alimtambua nitakuwa nimemwongezea mama ushahidi ambao hakuutoa. Nikaweka kwamba alimwona kama anafanana na huyo kijana, ikatoka ndefu na haipendezi lakini ndivyo alivyosema. Panga pia likabaki "kitu kama panga".

Saa nikaigeuza kuwa 8 usiku ya Kiingereza, ila "kama" na "hivi" zote mbili nikazibeba, manake hapo mama anasisitiza hana hakika na hiyo saa.

Mkono ndio ulinichelewesha. Kwa Kiswahili ni kuanzia begani mpaka vidoleni, Kiingereza kinataka uchague kipande. Kwenye faili kuna fomu ya P3 na daktari ameeleza jeraha liko wapi, ningeweza kuchungulia nikaandika vivyo hivyo, lakini hapo maelezo yatakubaliana na daktari kwa sababu yangu mimi, si ya shahidi. Nikaliacha neno lake lilivyo na pembeni, ndani ya mabano ya mraba, nikaeleza maana zake zote ili ijulikane hayo ni yangu. Na yule "mtu" nikamwacha mtu, sikumpa uanaume mpaka pale kijana anapotajwa.

Halafu ukurasa wa pili mama anasema "alikuwa yeye tu". Yaani kule anafananisha, huku ana hakika! Mkono uliniwasha kulainisha lakini zote mbili nimeziacha zigongane vivyo hivyo, mawakili watamhoji jaji, sorry, watabishana wenyewe mbele ya jaji, hiyo si kazi yangu.

Kesho asubuhi naenda kwa kamishna wa viapo kuapa kwamba tafsiri ni sahihi, na karani ameshanitumia meseji anauliza kama bado sijabadilisha mawazo.