SJC ilivyotaka kumpeleka kaka California

Hii ilikuwa siku kaka yangu alipoalikwa kwenye mkutano San José, Costa Rica, yeye anatokea London, akaniambia dogo nitafutie tiketi maana mimi hayo mambo ya mtandao yananichosha. Nikaona kazi ndogo. Sikuandika hata jina la mji, kwenye tovuti ya kutafuta tiketi nikaandika code za herufi tatu, LON ya London kisha SJC, kichwani nimeshajipa maelezo kabisa kwamba S ni San, J ni José na C ni Costa Rica. Nani angebisha?

Bei ikaja nzuri mno, nikampigia kwa furaha. Akaniuliza tu, inapitia wapi? Nikamsomea: unashuka Los Angeles, halafu unaunganisha, saa moja na kidogo umefika. Kimya. Akasema we dogo, kutoka Los Angeles mpaka Amerika ya Kati kwa saa moja, hiyo ndege au roketi?

Hapo ndo nikafungua maelezo ya safari vizuri nikaona SJC ni San Jose ya California. Ya Costa Rica ni SJO. Na kuna SJD pia, San José del Cabo, Mexico. Yani herufi hizo hazina ahadi yoyote ya kutaja nchi, C yangu niliitunga mwenyewe, ni kama Toronto uwanja wake mkubwa ni YYZ, hebu niambie Toronto iko wapi humo. Kilichoniumbua hasa ni kwamba mfumo haukulalamika, kwasababu SJC ni code halali, ukikosea kwa kuandika code halali ya sehemu nyingine unaletewa ndege za kweli na bei za kweli. Ni ile saa ya kipande cha mwisho ndo ilitoa siri.

Nikabadilisha ikawa SJO, nikahakikisha pembeni pameandikwa Costa Rica. Bei ikapanda, sawa. Ila kaka alikuwa ameshashtuka, akataka nisome na upande wa London, tukakuta anaondoka LHR, yani Heathrow, anarudi LGW, yani Gatwick! LON sio uwanja, ni code ya mji mzima, inabeba Heathrow, Gatwick, Stansted, Luton na mingine, kwahiyo tovuti inachanganya viwanja inavyotaka ikipata nafuu. Ukiwa unatafuta bei LON ni nzuri tu, lakini yeye alikuwa anaacha gari Heathrow, angetua Gatwick gari liko upande mwingine wa mji. Nikafuta LON nikaweka LHR kwenda na kurudi, tukalipa.

Siku ya safari akanitumia picha kutoka kaunta, lebo ya begi, SJO kwa herufi kubwa, chini kaandika: nimesoma mwenyewe safari hii.