Kumbukumbu ya mradi: Paukwa ibaki, raha mustarehe iondoke

Wiki hii nimemaliza kuhariri hadithi ya tatu kati ya zile ninazozirekodi hapa Magomeni kwa ajili ya watoto wa mtaani kwetu, na karibu muda wote umekwenda katika kuamua semi zipi za mazoea zibaki.

Rekodi ya kwanza niliianza kwa "Paukwa" kisha nikajijibu mwenyewe "Pakawa", nikidhani kwamba mwitikio usiposikika rekodi itaonekana ina pengo. Nilipoichezesha barazani watoto walinyamaza, kwa kuwa zamu yao nilikuwa nimeichukua. Nikarekodi upya na kuacha sekunde mbili za ukimya, lakini katika kusafisha sauti nilitumia `Truncate Silence` ya Audacity, nikiwa nimeiweka ifupishe kila ukimya hadi nusu sekunde, na ikalifupisha pengo hilo pia, hata "Pakawa" ya watoto ikagongana na sentensi yangu iliyofuata. Sasa mwanzo wa hadithi nauhariri peke yake, nje ya hatua hiyo.

Baada ya hapo huja "Kaondokea chenjagaa, kajenga nyumba kakaa, mwanangu mwana siti, kijino kama chikichi". Niliwahi kuyakata maneno haya kwa sababu hakuna mtoto aliyeweza kunieleza maana ya chenjagaa. Niliporuka moja kwa moja kwenye kisa, wawili waliyasema wenyewe kwa sauti, wakivuta "siti" na "chikichi" kwa mahadhi yaleyale, nami nikayarudisha yote. Kutoeleweka kwake hakumpotezi msikilizaji, maana kisa bado hakijaanza.

"Akaenda, akaenda, akaenda" ilinichukua muda mrefu zaidi. Katika hadithi hii Sungura anasafiri mara tatu: kwenda kisimani, kwenda shambani kwa Fisi, na kurudi kwake. Safari mbili za kwanza ni ndefu, na marudio ndiyo yanayomfanya msikilizaji auhisi urefu wa njia. Ya tatu ni kukimbia huku Fisi akiwa nyuma yake, na marudio yale yalimfanya Sungura aonekane anatembea kwa starehe, kwa hiyo hapo nimebakiza "akakimbia" moja tu.

Mwisho nilikuwa nimeandika "wakaishi raha mustarehe", ilhali Fisi amekwisha kufa na Sungura amehama kwa hofu ya ndugu wa Fisi. Niliifuta nikamalizia na Sungura akifunga mlango. Bibi mmoja jirani aliyesikiliza akaniuliza, "Mwanangu, mbona umetuacha njiani?" Nikamwambia, "Shikamoo bibi, imekwisha." Akaitikia, "Marahaba, lakini hujatuambia kuwa imekwisha." Alikuwa sahihi: usemi ule ulisema uongo juu ya kisa, lakini kazi yake ya kufunga ilihitajika. Nimeweka "Na hadithi yangu imeishia hapo", kwa sauti iliyoshuka, na jana jioni watoto walianza kuinuka kabla sijazima spika.