Kumbukumbu ya mradi: chapati za kusukuma kwa slaidi 20, kila slaidi tendo moja

Wiki ya kwanza. Rasimu ya chapisho langu la Instagram ilikuwa na slaidi 10, kwa sababu nilikuwa bado na kikomo cha zamani kichwani, ingawa tangu Agosti 2024 chapisho moja linaweza kubeba slaidi 20. Ili nafasi itoshe nilibana matendo. Slaidi ya sita ilisema: “Sukuma tonge, paka mafuta, kunja, kisha sukuma tena.” Nilimpa mdogo wangu simu, nikakaa pembeni bila kumsaidia. Chapati zake zilitoka bapa, hazina hata tabaka moja, kwa kuwa alisoma neno “kunja” akalikunja tonge mara mbili kama leso. Kosa lilikuwa langu: nilikuwa nimeficha matendo matatu ndani ya neno moja.

Jambo la pili alilonionyesha ni zito zaidi. Alipofika kwenye kukanda aliniuliza, “Dada, mkono wote umejaa unga, sasa nitelezeshe slaidi kwa pua?” Mpaka hapo nilikuwa nikigawa slaidi kwa kufuata sarufi, yaani kitenzi kimoja kwa slaidi moja, na sikuwa nimefikiria kwamba msomaji wa mapishi hufungua slaidi inayofuata kwa mkono uleule unaopika.

Wiki ya pili. Nimebadilisha kipimo. Tendo moja sasa ni kazi inayoanza mikono ikiwa tayari na kuishia kwenye dalili ambayo jicho au kidole kinaweza kuithibitisha. Kwa hiyo “mimina maji ya moto kidogo kidogo huku ukikoroga” nimeiacha kama slaidi moja japokuwa ina vitenzi viwili, kwani ukivitenganisha, maji yatamwagwa yote kwa pamoja. Kinyume chake, “zungusha kamba ya unga kama konokono” na “chomeka ncha chini yake” nimezitenga, maana wanaoanza husahau ncha, na konokono huyo hufumuka wakati wa kusukuma.

Kila slaidi ina mistari miwili tu. Wa juu ni amri pamoja na kiasi chake, na wa chini ni dalili ya kuwa tendo limekwisha. Mfano wa slaidi ya 5 ni huu: “Kanda donge kwa dakika 10. Ukilibonyeza kwa kidole, linarudi juu polepole.” Kusubiri nako nimekupa slaidi yake, “Funika donge, liache dakika 30,” kwa sababu kulipokuwa mkiani mwa slaidi ya kukanda mdogo wangu alikuruka, na donge likawa linajivuta kila alipolisukuma.

Maneno ya “ikiwa” yalinisumbua. “Ikiwa donge linanata, ongeza unga” ni tendo la pili lililojificha, tena huwafikisha watu kwenye chapati ngumu, maana wengi huongeza unga kabla hawajakanda vya kutosha. Nimeliondoa kabisa, nikarekebisha kipimo chenyewe: vikombe 3 vya unga wa ngano, maji kikombe 1 na robo, na maji ya mwisho humiminwa kijiko baada ya kijiko mpaka unga mkavu uishe bakulini.

Wiki ya tatu. Hesabu imefika 20 kamili pamoja na jalada, na slaidi ya orodha ya mahitaji haikupata nafasi. Nimeipeleka kwenye maelezo yaliyo chini ya picha. Sijutii sana, kwani orodha si tendo, na kila kiasi kinatajwa tena pale kinapotumika.

Marudio ndiyo yaliyobaki magumu. Donge linatoa matonge 8, na kila moja linapitia slaidi ya 8 hadi ya 12: kusukuma, kupaka mafuta, kuviringisha kuwa kamba, kuzungusha na kuchomeka ncha. Slaidi ya 13 inasema tu, “Rudia slaidi ya 8 hadi ya 12 mpaka konokono wawe 8,” na ili msomaji asipotee anaporudi nyuma, slaidi hizo tano zina ukingo wa rangi ya chungwa, ilhali nyingine zote ni nyeupe.

Mbinu hiyo haikufaa kwenye kukaanga. Mpishi aliyezoea husukuma chapati ya pili wakati ya kwanza iko kikaangoni, na mfuatano wa tendo moja moja hauwezi kuonyesha matendo mawili yanayokwenda sambamba. Nimeamua slaidi ya 15 hadi ya 20 zifuate chapati moja tu, toka kibaoni hadi kwenye kitambaa cha kufunikia. Kwa anayeanza, kikaango kitakaa kitupu kidogo kati ya chapati na chapati, kwa hiyo nimeandika katika maelezo kwamba moto upunguzwe kila chapati inapotolewa, kwa sababu katika jaribio la mwisho chapati ya tatu iliungua madoa meusi kabla vipovu havijatokea.